Mwangwi Usiousikia Wewe

Dada yangu anaishi Mwanza, nami niko Dar es Salaam. Kwa miezi mitatu, kila aliponipigia nikiwa barabarani, aliuliza swali lile lile: "Kaka, umeingia kisimani?" Nami nikamjibu lile lile: mtandao. Kwangu sauti yake ilitoka kwenye spika za milango safi kabisa, utadhani amekaa kiti cha abiria. Sikuona sababu ya kulishuku gari langu. Hadi jioni moja, nikiwa kwenye foleni ya Kimara, akaniambia kwa uchovu, "Yaani najisikia mwenyewe. Kila neno ninalosema linanirudia, halafu wewe ukijibu nasikia nusu."

Nilipotafuta maana ya maneno yale ndipo nikajua kwamba nilikuwa nimeulaumu mtandao bure. Katika simu, anayesikia mwangwi wa sauti yake huwa si mwenye hitilafu. Hitilafu iko upande wa pili, kwa yule asiyesikia kitu. Sauti ya dada ilisafiri kutoka Mwanza, ikaingia kwenye redio ya gari langu, ikatoka kwenye spika, ikagonga kioo cha mbele na dashibodi, ikaingia kwenye maiki yangu, kisha ikarudi Mwanza pamoja na sauti yangu. Mimi ndiye niliyekuwa namrudishia sauti yake, na sikuwa na njia ya kulijua hilo nikiwa nyuma ya usukani.

Mtu akizungumza hujisikia mwenyewe muda wote, na hilo halimsumbui. Sauti yake ikirudi upesi sana hujichanganya na ile anayoitoa, asiitambue. Tatizo huja inapochelewa. Simu ya mkononi huchukua muda kuipakia sauti, kuituma na kuifungua. Bluetooth ya gari huongeza muda wake. Na safari ni ya kwenda na kurudi. Kwa kawaida jumla hupita moja ya tano ya sekunde. Hapo neno linalorudi hulikuta linalofuata liko mdomoni, na msemaji hukwama.

Wahandisi wa simu walikutana na jambo hili kabla ya simu za mkononi. Mwaka 1965 satelaiti ya Early Bird ilianza kubeba mazungumzo kati ya Amerika na Ulaya kutoka kimo cha takriban kilomita 36,000. Sauti kupanda na kushuka mara moja tu ilichukua kama robo ya sekunde, na mwangwi ambao zamani haukuonekana kuwa kitu ukawa kero kubwa. Katika maabara za Bell huko Marekani, John Kelly na Ben Logan walipata wazo la kuufuta badala ya kuukata, na mwaka 1967 Man Mohan Sondhi akachapisha maelezo ya kifaa kinachojifunza chenyewe namna ya kuufuta. Programu ya kufuta mwangwi iliyomo kwenye redio ya gari lako ni mjukuu wa kazi hiyo.

Kazi yake inafanana na ya muuza nafaka sokoni. Mteja akileta debe lake, muuzaji hulipima kwanza likiwa tupu, akalijaza maharage, akapima tena, kisha akaondoa uzito wa debe. Kifuta mwangwi nacho hufanya hesabu ya kuondoa. Kina nakala ya sauti ya dada kabla haijaenda kwenye spika. Hukisia jinsi sauti hiyo itakavyokuwa ikishapita kwenye spika, ikazunguka ndani ya gari na kufika kwenye maiki, kisha huiondoa katika kile maiki ilichokinasa. Kinachobaki, kama makisio ni sahihi, ni sauti yangu peke yake. Makisio hayo hurekebishwa muda wote, kwa sababu ukishusha kioo, ukisogeza kiti au akiingia abiria, njia ya sauti ndani ya gari hubadilika.

Sasa tazama jinsi kosa dogo la mizani linavyoweza kuwa kubwa. Debe la bati la kilo 1 likiwa na maharage ya kilo 16, ukikosea uzito wa debe kwa asilimia 5 umepoteza gramu 50, na hakuna atakayegombana. Lakini mtu akileta nusu kilo ya iliki ndani ya sanduku la chuma la kilo 16, asilimia 5 ya sanduku ni gramu 800, zaidi ya iliki yenyewe. Huwezi tena kusema kuna iliki kiasi gani. Maiki ikiwa mbali na mdomo na karibu na spika, sauti ya dereva ndiyo iliki na mwangwi ndio sanduku. Hesabu ya kifuta mwangwi haijaharibika, ila imepewa mzigo usiopimika. Ndiyo maana naamini kuihamisha maiki kuna faida kuliko kubadilisha redio nzima, jambo ambalo nilikuwa nimeshalipangia fedha.

Redio ikishindwa kuondoa vizuri hutumia njia ya pili, ambayo ni ya nguvu zaidi: huibana maiki. Dada akiongea, redio inashusha maiki yangu ili mwangwi usipite, kisha inaifungua akinyamaza. Ndipo ikawa anasikia nusu ya majibu yangu. Silabi ya kwanza ya kila jibu ilikuwa inakatwa mlangoni, na nilipomwitikia katikati ya maneno yake hakusikia chochote.

Gari langu ni dogo, limetoka Japani likiwa limetumika, kama yalivyo magari mengi ya kwetu, na redio yake ya asili ilibadilishwa na kuwekwa ya Android yenye kioo kikubwa. Kwenye uso wa redio hiyo kuna tundu dogo kama la sindano limeandikwa MIC. Liko ukingo wa kushoto, nadhani kwa kumfikiria dereva anayekaa kushoto. Sisi tunakaa kulia. Nilipopima kwa futi ya fundi cherehani, kutoka mdomoni mwangu hadi tundu hilo ni sentimita 78, na katikati kuna usukani na mikono yangu. Sentimita chache chini ya tundu ndipo hewa ya kiyoyozi inapotokea.

Kanuni ya umbali ni rahisi kuishika. Mahali pasipo na vitu vya kurudisha sauti, umbali ukipungua nusu, mgandamizo wa sauti unaoifikia maiki huongezeka maradufu, ambao mafundi huuhesabu kuwa ni desibeli 6. Ndani ya gari faida hupungua kidogo kwa sababu vioo hurudisha sauti kila upande. Muungurumo wa injini na matairi, pamoja na mwangwi wa spika za milango, haviongezeki kwa kiasi hicho, kwa kuwa hukusogelea wewe tu na si vyanzo vyake. Kwa hiyo unachokipata kwa kusogeza maiki ni tofauti kubwa zaidi kati ya sauti yako na takataka zote.

Redio nyingi za aina hii zina tundu nyuma kwa ajili ya maiki ya nje, yenye pini ya milimita 3.5 kama ya hedfoni na waya wa mita kadhaa. Yangu ilikuja nayo ndani ya boksi, na aliyefunga redio hakuitoa kwenye mfuko wake. Kabla ya kuifunga mahali pa kudumu niliamua kwanza kujaribu sehemu kadhaa kwa kubandika na gundi ya karatasi, nikimtumia mpwa wangu, mtoto wa dada, kama sikio langu kule Mwanza. Alipokea simu kwa simu moja na kurekodi kwa nyingine. Nilisoma sentensi zile zile kila mara: injini ikiwa imezimwa, injini ikinguruma gari likiwa limesimama na feni ikiwa namba 3, na mwisho kwenye Barabara ya Morogoro kwa kilomita 80 kwa saa, nikiwa na rafiki anayeendesha ili nisishughulike na mambo mawili. Nakushauri uyarekodi majaribio, maana mtu akiulizwa kwa maneno "unanisikia vipi?" hujibu "vizuri" kwa adabu tu.

Juu ya kifuniko cha usukani, umbali ni mfupi na sauti ilijaa, lakini kila nilipokata kona mkono ulipita mbele yake na sauti ikazama, na mtikisiko wa usukani ulisikika kama mtu anayegonga meza. Chini ya nguzo ya kioo cha mbele, upande wa kulia, palikuwa pabaya kuliko nilivyotarajia. Pale ni karibu na spika ya mlango na karibu na dirisha, kwa hiyo nilijipatia upepo na mwangwi kwa pamoja. Kwenye kibao cha kukinga jua sauti ilikuwa nzuri sana, sentimita 30 tu kutoka mdomoni, hadi jua la saa tisa liliponilazimu kukishusha. Mahali palipobaki ni darini, mbele ya kichwa changu, kati ya kioo cha kutazamia nyuma na kibao hicho: sentimita 36, mbali na hewa ya kiyoyozi, mbali na spika zote. Si ajabu kwamba watengenezaji wengi wa magari huweka maiki zao hapo, karibu na taa ya darini.

Kutoka sentimita 78 hadi 36 ni zaidi ya nusu, karibu desibeli 7 kwa hesabu ya karatasi. Mpwa wangu hakuhitaji karatasi. "Mjomba, sasa uko chumbani," aliniambia.

Kabla hujapitisha waya, angalia plastiki inayofunika nguzo ya kioo cha mbele. Ikiwa imeandikwa SRS AIRBAG, nyuma yake kuna mfuko wa hewa unaofunguka kwa nguvu kubwa gari likigongwa ubavuni. Waya uliopita mbele ya mfuko huo unaweza kuuzuia au kurushwa usoni. Fundi anayejua kazi huupitisha nyuma ya mfuko na kuufunga kwenye nyaya zilizopo. Kama huna fundi wa namna hiyo, uchomeke kwenye ukingo wa kitambaa cha dari, uutelemshe mahali pasipo na mfuko. Maiki yenyewe ibandike kwa gundi nene ya sponji ya pande mbili, ili mtikisiko wa gari usiingie moja kwa moja. Uso wake uuelekeze mdomoni. Kama ina matundu mbele na nyuma, usiyazibe ya nyuma, kwa sababu ndiyo yanayoisaidia kupuuza sauti za nyuma yake. Na kipande cha sponji mbele ya maiki hukata upepo wa dirisha kuliko kitufe chochote cha redio.

Baada ya hapo nilidhani nimemaliza, lakini sivyo. Katika rekodi sauti yangu ilikuwa karibu, ila ilikuwa na mkia wa ajabu, kama naongea ndani ya bomba. Sababu ni kwamba katika redio nyingi za bei ya chini, kuchomeka maiki ya nje hakuzimi ile ya ndani. Zote mbili zinafanya kazi, na sauti yangu ilikuwa inafika mara mbili kwa nyakati zisizolingana. Maiki ya ndani iliendelea pia kuchota mwangwi kama zamani. Kulitambua ni rahisi. Mtu akiwa anakusikiliza, gonga maiki ya nje kwa ukucha mara tatu, kisha gonga karibu na tundu la redio mara tatu. Akisikia milio sita, zote ziko hai. Baadhi ya redio zina sehemu ya kuchagua maiki kwenye mipangilio. Yangu haikuwa nayo, hivyo fundi aliifungua na kukata waya mmoja wa maiki ya ndani. Kuziba tundu kwa gundi hupunguza tu, hakuondoi.

Hatua iliyofuata ndiyo wengi huiruka, na nadhani ndiyo iliyo na faida kubwa. Maiki ikiwa karibu, haihitaji tena nguvu iliyokuwa nayo. Kwenye mipangilio ya redio yangu kuna mstari ulioandikwa Mic Gain, nao ulikuwa umepandishwa hadi mwisho na mtu fulani, bila shaka kwa nia njema, ili nisikike kutoka mbali. Nikaushusha polepole hadi karibu nusu, mpwa akinisikiliza. Sauti yangu ilibaki pale pale, huku muungurumo wa barabara na mwangwi vikizama. Ukiuacha juu, sauti yako ya karibu hufurika na kukwaruza, na sauti iliyokwaruza hakuna programu itakayoinyoosha.

Hata hivyo mwangwi mdogo ulibaki, na ulikuja tu dada alipocheka au nilipopandisha sauti ya simu. Hapa ilibidi nikumbuke debe. Muuza nafaka anaondoa uzito wa debe analolijua. Kifuta mwangwi nacho huondoa ile nakala iliyo kwenye redio. Spika ikiongeza kitu ambacho hakimo kwenye nakala, kama mtetemo, mkwaruzo au mlio wa karatasi iliyochanika, kitu hicho hakiwezi kuondolewa. Nilizungusha balansi ya spika upande wa kulia pekee na mwangwi ukatoweka. Nilipoirudisha kushoto ukarudi. Tulipofungua mlango wa kushoto tulikuta ukingo wa spika umechanika kama sentimita 3, kazi ya miaka kumi na tano ya jua na vumbi. Muziki niliusikiliza humo miaka yote bila kugundua, kwa sababu mdundo ulificha mtetemo. Spika mpya ya sentimita 16 ilimaliza jambo. Walioongeza amplifaya na kupandisha besi wajue pia kwamba spika inayosukumwa kupita uwezo wake hufanya kosa hilo hilo ikiwa nzima. Kushusha sauti ya simu hatua mbili tatu ni dawa ya kweli kwao.

Kupima kama redio bado inakubana, fanyeni hesabu pamoja. Mwenzako ahesabu kutoka moja hadi ishirini bila kusimama, nawe useme majina ya siku za wiki juu ya sauti yake, naye awe anarekodi. Mwanzoni, kati ya siku saba mpwa alisikia mbili. Baada ya spika kubadilishwa alisikia zote, nyingine zikiwa zimefifia kidogo. Kufifia huko ni kwa kawaida. Sijaona redio ya gari inayoruhusu watu wawili kusema kwa pamoja kama walio sebuleni.

Kuna mambo ambayo maiki haiwezi kuyatibu. Redio na simu zikikubaliana kutumia njia ya zamani ya Bluetooth, sauti hupimwa mara 8,000 tu kwa sekunde, na herufi kama s, f na th hufanana hata maiki ikiwa ya studio. Njia mpya zaidi hupima mara 16,000, lakini ni lazima vifaa vyote viwili viwe nayo. Jingine ni kwamba simu yako nayo ina kifuta mwangwi chake. Redio iliyotengenezwa vizuri, mara inapoungana na simu, huiambia isimamishe kazi hiyo kwa amri `AT+NREC=0`, ili mfutaji awe mmoja. Redio isipofanya hivyo, wafutaji wawili hufuata mkondo mmoja bila kujuana na sauti hutoka imemungunywa. Ukishahamisha maiki, ukazima ya ndani, ukashusha nguvu na kukagua spika, na bado sauti yako inasikika kama imetafunwa, hapo redio ndiyo ya kushukiwa. Jaribu kwanza na simu nyingine kabla ya kuitoa.

Na dirisha lifunge. Upepo hauna nakala mahali popote, kwa hiyo hakuna wa kuuondoa.

Dada yangu sasa hunipigia nikiwa njiani kwenda Kibaha na huongea hadi nifike. Aliniambia kwamba watu wengine anaowapigia wakiwa kwenye magari yao bado humrudishia sauti yake, na hajawahi kuwaeleza kwa kuona haya. Nilimwomba awaeleze, nawe nakuomba hivyo hivyo. Ukimpigia mtu aliye garini ukasikia neno lako likikurudia, mwambie siku hiyo hiyo, maana yeye hawezi kulisikia.